Mbuzi, Nazi na Salamu Moja: Mafunzo Niliyopata Nikiandika Filamu Karibu Bila Maneno

Filamu yenyewe ni ya dakika 9. Inaitwa "Mbuzi", na mbuzi anayetajwa hali majani: ni ile mbuzi ya kukunia nazi, kiti kifupi cha mbao chenye chuma cha meno mbele. Tuliipiga kwa siku mbili katika jiko la uani mjini Pangani, waigizaji wawili, watu wanne nyuma ya kamera. Mama mkwe anayetawala jiko ameanza kutetemeka mikono, na mke wa mwanawe, Binti kwenye skripti, amegundua kabla yake. Basi. Ndani yake mna salamu tu, tena si kila asubuhi inaitikiwa.

Skripti niliiandika mara saba. Haya ndiyo niliyojifunza, na sitadai kuwa yamepangwa kwa uzito.

1. Kamera haijui "anahisi"

Rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa sita, nami nilijivunia sana lugha yake. Ilianza hivi:

NDANI. JIKO – ASUBUHI
Mama anakuna nazi kama alivyofanya kwa miaka arobaini. Anahisi kuwa mwili wake unaanza kumsaliti, lakini hataki kukubali. Binti anamwonea huruma na anakumbuka mama yake mzazi.

Mpiga picha wetu akaisoma, akaweka kidole kwenye neno "anakumbuka", akaniuliza, "Hapa nipige nini?" Nilianza kumweleza. Nilieleza kwa dakika nzima, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojiona nimeandika barua, sijaandika filamu. Miaka arobaini haionekani. Huruma haionekani. Kinachoonekana ni mkono, nazi, na kitu kinachoanguka mahali kisipopaswa kuwa.

Anayejua kukuna nazi anajua kwamba mkono uliotulia hukwangua nyama nyeupe na kuacha kifuu. Mkono usiotulia huingia ndani mno, na weusi wa kifuu huanguka juu ya weupe. Hilo ndilo lilikuwa "anahisi" yangu, lipo tayari kwenye sinia. Rasimu ya pili ikawa hivi:

NDANI. JIKO – ASUBUHI
Mama juu ya mbuzi. Kifuu cha nazi kinazunguka mkononi. Weupe unaanguka kwenye sinia.

Mkono unasita. Unaendelea.

Kwenye weupe: chembe moja ya rangi ya udongo. Halafu nyingine.

Mlangoni, Binti. Macho kwenye sinia.

Tazama mapengo kati ya mistari. Kila aya ni kitu kimoja cha kutazama, na ukiruka mstari, msomaji anahamisha jicho bila wewe kuandika "kamera inasogea". Mpiga picha alijua pa kusimama ingawa sikumwamuru. Tangu siku hiyo nina mazoea ya kupitia skripti na kalamu nyekundu, nikikata kila kitenzi ambacho mtu anaweza kukifanya akiwa amelala macho yamefumba: anawaza, anatambua, anaamua, anatamani. Kila nilipokata kimoja ilinibidi nitafute kitu cha kukibeba, na mara tatu sikukipata. Mara zote tatu nilikuta tukio lenyewe halikuwa na kazi, nikalitupa.

2. Wanawake wawili jikoni hawanyamazi bila sababu

Kosa hili liliniaibisha zaidi. Niliwaweka watu wawili katika chumba kimoja, nikawanyamazisha kwa sababu tu mimi mwandishi nilitaka filamu bila maneno. Kwenye mazoezi ya kwanza walionekana kama watu waliokatazwa kuongea na daktari. Kijana wa sauti akacheka. Alikuwa na haki: jiko la pwani lina habari za jirani, bei ya samaki, nani ameposwa. Ukimya wake lazima uwe na chanzo, na mtazamaji akione.

Njia rahisi ni kumweka mhusika peke yake, au mahali penye kelele, au kuweka kioo kati ya watu. Sikuweza hata moja. Nikachagua kinyume: waongee, lakini kitu kimoja tu, kile ambacho hakiwezi kukosekana. Asubuhi ya kwanza Binti anaingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Asubuhi ya pili vilevile, ila marahaba inakuja huku Mama hajainua kichwa. Asubuhi ya tatu shikamoo inatolewa, na haiitikiwi. Sihitaji kumweleza msomaji wa Kiswahili ukubwa wa jambo hilo. Mkwe aliyetoa shikamoo na kuachwa nayo mkononi hawezi kuanza mazungumzo ya bei ya samaki, na kuanzia hapo ukimya wote wa filamu umelipiwa. Ningeinyima filamu salamu kabisa, mtazamaji angeona mtindo. Baada ya kumpa salamu mbili na kumnyang'anya ya tatu, aliona nuno.

Ndiyo maana sasa neno "karibu" katika "karibu bila maneno" nalipenda kuliko "bila".

3. Kitu kiwe na kazi kwanza, maana itakuja yenyewe

Kabla ya nazi nilikuwa na vikombe. Mama huyo huyo, mjane, kila asubuhi anamimina kahawa vikombe viwili, kimoja kinapoa. Kila mtu amewahi kumwona mama huyo. Shida yake si kwamba amezoeleka tu. Kikombe cha pili hakifanyi kazi yoyote: kimewekwa pale ili kumaanisha marehemu, kikimaliza kumaanisha kinabaki kupoa, na hadithi inapoa nacho.

Aliyenifungua macho ni Ousmane Sembène. Katika "La Noire de...", filamu yake ya mwaka 1966, kuna kinyago. Diouana, msichana wa Dakar aliyepata kazi ya uyaya kwa Wafaransa, anawapa waajiri kinyago hicho kama zawadi. Baadaye, kule Antibes, tunakiona kimetundikwa kwenye ukuta mweupe wa nyumba yao, nacho na yeye ni kama wageni wawili katika chumba hicho. Siku inafika anakitaka kinyago chake, na anagombania kukirudisha. Akiisha kufa, mwajiri anakipeleka Dakar kwa familia yake, na mtoto mdogo anakivaa usoni na kumfuata yule mwanamume mitaani mpaka anakimbilia gari lake. Filamu ile ina maneno mengi, sauti ya Diouana inasikika karibu muda wote. Lakini ukiondoa maneno yote ukakifuata kinyago peke yake, bado unayo hadithi ya zawadi iliyogeuka pambo, ikagombewa, ikarudi kumfukuza aliyeipokea. Kila kinapotokea, kimebadilisha mwenye kukishika.

Nikachukua karatasi, nikachora safu nne: siku, kitu, kiko kwa nani, kina hali gani. Kwa vitu vitatu tu, mbuzi, kifuu kitupu na sinia. Mara moja nikaona ugonjwa wa rasimu yangu. Mbuzi ilikuwa kwa Mama siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne ghafla ikawa kwa Binti. Kifuu hakikuwa na lolote, kilikuwa pambo.

Kifuu ndicho kilichookoa. Siku ya kwanza Binti anaachiwa sinia akamue tui. Anageuza mgongo, anaokota chembe za weusi moja moja kwa kucha, anazificha ndani ya kifuu nyuma ya mtungi. Ni heshima, hataki mtu azione kwenye tui. Siku ya pili anaongeza. Mama anatafuta kifuu cha kuwatilia kuku machicha, anashika hicho. Anakiinamisha. Kiganjani mwake kinamwagika kilichofichwa. Kitu kilekile, tendo lilelile la wema, sasa kimekuwa ushahidi. Hakuna aliyesema kitu, na kesho yake shikamoo haiitikiwi.

4. Mtazamaji akiwa na maelezo mawili, atachagua yasiyo yako

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo filamu ilipokaribia kuanguka.

Rasimu ya nne niliipeleka kwa watu watano: jirani wawili, mwalimu mstaafu, fundi cherehani, na shangazi yangu. Sikuwauliza kama wameipenda. Swali hilo halina faida, watu wa kwetu wana adabu. Niliwasomea matendo tu, taratibu, kisha nikamwambia kila mmoja peke yake anisimulie kilichotokea. Watatu kati ya watano walinisimulia hadithi ya mbuzi butu. Kwao, yule binti alikuwa anamlaumu mkwewe kwa kung'ang'ania kifaa cha zamani, na mwisho wake unapaswa kuwa kununua kipya. Shangazi akaongeza kwamba siku hizi kuna mashine sokoni, unakuniwa nazi ukisubiri.

Hawakukosea. Weusi kwenye nazi unaweza kutokana na mkono, unaweza kutokana na chuma. Mimi nilijua ni mkono kwa sababu nilikuwa nimeandika "anatetemeka" kwenye mabano, na niliposoma kwa sauti walidhani ni juhudi ya kukuna kwa meno butu.

Jambo la kwanza lililonijia ni kumtia jirani mlangoni aseme, "Bibi, mikono yako vipi?" Sentensi moja tu! Nilijizuia kwa sababu ya mlango wa gari la Charlie Chaplin.

Katika "City Lights" ya mwaka 1931, Chaplin alihitaji msichana kipofu, muuza maua, aamini kwamba mzururaji maskini ni tajiri. Akasema nini? Hawezi kusema kitu, filamu haina mazungumzo ya kusikika. Suluhisho: barabara imejaa magari, mzururaji anamkwepa askari kwa kupita ndani ya gari la kifahari lililosimama na kutokea upande wa pili, mlango unabamizwa. Msichana anasikia mlango, anatoa ua. Kisha mwenye gari anarudi, anaingia, mlango unabamizwa tena, gari linaondoka wakati msichana bado ana chenji mkononi. Kwake, tajiri ameondoka na kumwachia pesa. Mzururaji, aliyekuwa bado pale, ananyata asimvunjie ndoto. Chaplin aliirudia sehemu hiyo mara nyingi mno kabla ya kuridhika. Tena angalia: mlango mara moja usingetosha. Wa kwanza unampa msichana wazo, wa pili unafunga kila njia nyingine ya kuelewa.

Basi kazi yangu haikuwa kueleza mkono, ilikuwa kukiondolea chuma lawama. Nikaandika usiku wa siku ya tatu. Mama peke yake, kibatari, mbuzi magotini. Anapitisha kidole gumba juu ya meno. Anachukua tupa, ananoa jino moja baada ya jingine mpaka kutu inaondoka na chuma kinang'aa. Anajaribu tena kwa kidole, anakiondoa upesi: kimekuwa kikali. Anaridhika, karibu atabasamu. Naye anaamini kama shangazi yangu, kwamba kosa ni la chuma.

Asubuhi ya nne anakaa, anakuna. Weupe. Weupe. Chembe ya weusi.

Niliwasomea watu wengine watano. Wote walinyamaza mahali pale pale. Na faida nyingine sikuitegemea: kabla ya tupa, Mama alikuwa mtu anayegunduliwa. Sasa amejigundua mwenyewe, kwa jaribio alilolifanya kwa mkono wake.

5. Maandishi nayo ni maneno

Fupi hili. Siku ya tatu mbuzi imefichwa, na Binti anapika kwa tui la pakiti. Nilikuwa nimeandika pia ujumbe wa simu kutoka kwa mume: "Mama hajala. Kuna nini?" Simu, barua, kibao cha hospitali, kalenda iliyozungushiwa tarehe, vyote ni mazungumzo yaliyovaa kanzu. Nikafuta. Mahali pake nikaweka sahani ya wali inayorudi jikoni jioni, imefunikwa kawa, haijaguswa. Pakiti nayo tuliigeuza jina likaangalia ukuta, mkasi ukatosha kusema ni pakiti.

6. Ukurasa si dakika

Wanaofundisha uandishi wa filamu husema ukurasa mmoja ni kama dakika moja. Kanuni hiyo inategemea mazungumzo. Kwenye skripti ya matendo inadanganya pande zote mbili: "Ananoa meno ya mbuzi" ni maneno manne na sekunde 50, ilhali aya nzima ya kueleza jiko ni sekunde tatu. Rasimu yangu ya mwisho ilikuwa kurasa nne. Nilipima kwa kuifanya mwenyewe uani, simu ikihesabu, nikikuna nazi ya kweli, na ikatoka dakika 11. Mbili nilizikata kabla hatujakodi kamera.

Anayedhani skripti kama hizi si uandishi wa kweli akumbuke "Le Ballon rouge" ya Albert Lamorisse, mwaka 1956: dakika 34 za mtoto na puto jekundu katika mitaa ya Paris, maneno ya kuhesabika, na ilipewa Oska ya skripti bora. Ya skripti, si ya picha.

Kufanya mwenyewe kulinifundisha pia jambo ambalo karatasi haikusema. Kitu kikibadilika hali, hakirudi. Mbuzi tuliyokuwa nayo ilikuwa moja, yenye kutu ya kupendeza. Tukishaipiga tupa, kutu imekwenda. Kwa hiyo kila tukio la siku ya kwanza mpaka ya tatu lilibidi lipigwe kabla ya usiku ule, na usiku ule urekodiwe kwa kupiga mara chache. Nazi iliyokunwa nayo haikai: kwenye joto la jiko na taa, weupe wake unakauka na kulegea, na chembe nyeusi zinapoteza ukali. Tulinunua nazi 12, zikaisha saa sita mchana, mtu akatumwa sokoni na baiskeli. Sasa pembeni ya kila tukio kwenye skripti naandika vitu vinavyoliwa, kuvunjika au kumwagika, na mara ngapi.

7. Bila maneno haimaanishi bila sauti

Mhariri wetu aliweka taarabu chini ya filamu nzima. Nzuri kweli, na ilituambia tulie wapi kabla hatujaona cha kuliliwa. Ilipoondolewa tukasikia tulichokuwa nacho: mkwaruzo wa nazi. Mkono wa kawaida una mwendo, krr, krr, krr, kama mtu anayetembea. Mkono wa Mama unaruka hatua. Nilikuwa nimeandika hilo mara moja tu katika ukurasa wa kwanza. Nikarudi kuliandika pale linapobadilika tu, na mahali linapokoma: asubuhi ya tatu, Binti akiwa mlangoni, kuku wanasikika, jiko halisikiki.

8. Mwenye mikono alijua kuliko mwenye kalamu

Mwisho niliouandika: Mama anasimama, anaisukuma mbuzi kwa mguu mpaka mbele ya Binti. Niliupenda. Ulikuwa na kiburi kidogo, na kushindwa kidogo.

Aliyecheza Mama hakuwa mwigizaji. Ni mama wa mtaa ule ule anayepikia shughuli za watu. Tulipofika hapo akasimama, akatazama mguu wake, akagoma. "Chombo cha riziki husukumi kwa mguu, mwanangu. Hata ukiwa na hasira." Nilijaribu kumweleza kwamba ni hadithi. Akaniuliza huyo mama wa hadithi amelelewa wapi.

Mwongozaji akamwambia afanye anavyoona. Akakaa tena juu ya mbuzi. Akakuna kidogo, weusi ukaanguka. Akaliweka lile pande la nazi juu ya sinia, kinywa juu. Akajiinua kwa kushika goti, akaondoka pale, akaenda kukaa kwenye mkeka upande wa pili, akanyoosha miguu. Mbuzi akaiacha ilipo, sinia chini yake, nazi nusu imekunwa. Kiti kitupu.

Binti, ambaye asubuhi hiyo kwenye skripti ameingia bila kusalimu kwa sababu amechoka kutoitikiwa, akabaki amesimama muda mrefu kuliko tulivyopanga. Kisha akakusanya kanga yake, akakaa. Akakuna. Mwendo ukawa wa kwake, wa haraka, bado haujatulia.

Mama akavuta sinia kwake, akainamia weupe, akaanza kuokota chembe. Hakuinua macho.

"Marahaba," akasema.